Simu yenye nafasi ndogo: toleo jepesi la programu ya ujumbe linakupa nini na linakunyima nini

Wasikilizaji wenye simu janja za bei nafuu huulizana jambo moja kila simu inapoandika kwamba nafasi imejaa: je, kuna programu ya ujumbe iliyo nyepesi zaidi? Jibu ni ndiyo kwa programu moja, na hapana kwa ile inayopendwa kuliko zote. Katika makala hii tunaeleza tofauti hiyo, tukichukua mfano wa mtumiaji aliyeko Mitundu mkoani Singida. Tunaeleza pia utakachokikosa ukihamia kwenye toleo jepesi, ili usifute programu leo ukajuta kesho.

Kwanza ujue kilichojaa

Simu ina kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza ni nafasi ya kuhifadhia, ambayo ni kama ghala. Humo hukaa programu, picha, video na sauti. Ya pili huandikwa RAM, nayo ni kama meza ya kufanyia kazi. Programu ikifunguliwa hutolewa ghalani na kuwekwa mezani.

Ghala likijaa, simu hukataa kupokea picha mpya au hukataa programu isiboreshwe. Meza ikiwa ndogo, dalili ni nyingine: simu inaganda, herufi zinachelewa kutokea unapoandika, au programu inajifunga yenyewe ukiwa katikati ya mazungumzo. Toleo jepesi husaidia zaidi pale tatizo lilipo mezani. Ghala likiwa limejazwa na video za magrupu, kubadili programu hakutakusaidia sana, kwa sababu video hizo zitabaki palepale.

Kuangalia ni rahisi. Fungua Settings ya simu, kisha Storage. Utaona picha na video zimechukua kiasi gani, na programu zimechukua kiasi gani.

Matoleo mepesi yaliyopo na yasiyokuwepo

Programu ya ujumbe iliyowahi kuwa na toleo jepesi linalojulikana sana huku kwetu ni Messenger, ile ya Facebook. Toleo hilo liliitwa Messenger Lite. Lilianza Oktoba 2016 katika nchi tano, na jirani zetu Kenya walikuwa miongoni mwao. Lilikuwa na ukubwa wa chini ya MB 10. Mwanzoni liliweza kutuma maandishi, picha, viungo na stika tu. Simu za video ziliongezwa Machi 2018. Halikuwa na michezo wala zile picha za siku moja ambazo watu huziita stori.

Messenger Lite ilifungwa tarehe 18 Septemba 2023. Kwa hiyo mtu akikurushia Messenger Lite kwa bluetooth leo, anakupa programu isiyotumika tena. Wenye kampuni waliwaelekeza watumiaji wake wachague kati ya Messenger ya kawaida na Facebook Lite.

Facebook Lite ndiyo iliyobaki. Ilitoka Juni 2015, ikiwa na ukubwa usiofika MB 1 wakati huo, na ilitengenezwa kwa ajili ya simu dhaifu na mtandao wa 2G. Siku hizi imeongezeka uzito, lakini bado ni ndogo ukilinganisha na kuweka Facebook na Messenger kamili kwa pamoja. Ndani yake kuna sehemu ya ujumbe, kwa hiyo programu moja inafanya kazi ya mbili.

WhatsApp haina toleo jepesi. Ukikuta faili lenye jina WhatsApp Lite kwenye simu ya rafiki au kwa fundi, halikutengenezwa na wenye WhatsApp. Ni sawa na zile zinazoitwa GB WhatsApp na WhatsApp Plus: mtu mwingine amechukua programu akaibadilisha. WhatsApp wenyewe wameeleza kwamba anayetumia programu hizo anaweza kufungiwa namba yake. Tena hujui aliyeibadilisha ameweka nini ndani, ilhali mazungumzo yako yote yanapita humo. Dalili ya kwanza ya programu ya aina hii ni kwamba haitoki Play Store, na simu hukuomba ruhusa ya kuweka programu kutoka mahali pasipojulikana. Ile ya kweli ukiitafuta Play Store, chini ya jina lake pameandikwa WhatsApp LLC.

Wepesi unatoka wapi

Programu kamili hubeba vitu vingi ndani ya simu yako: michoro, vitufe, na uwezo wa kupanga ukurasa. Facebook Lite imefanya kinyume. Kazi kubwa ya kupanga ukurasa hufanyika kwenye kompyuta za kampuni huko mbali, na simu yako hupokea kilichokwisha kupangwa na kukionyesha. Ndiyo maana haihitaji meza kubwa.

Lakini kazi hiyo ikiwa mbali, unahitaji mtandao kuifikia. Mtandao ukikatika, ukurasa mpya haufunguki, na mazungumzo ya zamani huenda yasionekane mpaka mtandao urudi. WhatsApp ni tofauti, kwa sababu huhifadhi mazungumzo ndani ya simu. Unaweza kuusoma ujumbe wa wiki iliyopita ukiwa porini bila mnara wowote. Kwa mtu anayetoka kijijini asubuhi kwenda shambani au kwenye mizinga, tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti ya MB.

Jambo la pili ni picha. Toleo jepesi hupunguza ukubwa wa picha kabla haijakufikia, ili bando lisiishe. Uso wa mtu utautambua bila shida. Karatasi yenye maandishi madogo inaweza kufika ikiwa na ukungu usioweza kusoma tarakimu.

Jambo la tatu ni simu za sauti na za video, pamoja na mapambo ya mazungumzo. Sehemu ya ujumbe ya toleo jepesi si Messenger nzima, na vilivyomo hubadilika programu inapoboreshwa. Kwa hiyo usitegemee maneno ya mtu. Fungua mazungumzo na mtu mmoja, tazama juu ya ukurasa kama kuna alama ya simu na alama ya kamera, kisha mpigie ujaribu.

Mfano wa muuza asali

Tuchukue mama mmoja wa Mitundu anayeuza asali. Simu yake ina ghala la GB 8 na RAM ya GB 1. Ana Facebook, Messenger na WhatsApp. Mteja wake aliyeko Manyoni huagiza kwa Messenger, na kikundi chake cha wafuga nyuki kina grupu la WhatsApp. Simu inaganda kila anapofungua Messenger, na picha mpya hazipakuliwi.

Ana matatizo mawili, si moja. Kuganda ni tatizo la meza. Picha kutopakuliwa ni tatizo la ghala.

Anaanza na ghala, kwa sababu halihitaji kufuta programu yoyote. Ndani ya WhatsApp anafungua Settings, kisha Storage and data, kisha Manage storage. Hapo WhatsApp inampangia mazungumzo kuanzia lenye mzigo mkubwa. Anakuta grupu limejaa video za salamu za asubuhi. Anachagua video hizo na kuzifuta, na maandishi ya grupu yanabaki. Kisha anarudi Storage and data, anagusa When using mobile data, na kuondoa alama zote. Tangu hapo, akitumia bando la simu, picha au video haishuki mpaka aiguse mwenyewe.

Sasa anageukia meza. Anaweka Facebook Lite kutoka Play Store bila kufuta kwanza Facebook na Messenger. Kama nafasi haitoshi kabisa, anaifuta Facebook kubwa na kuiacha Messenger. Kwa siku tatu anatumia toleo jepesi peke yake. Anajiuliza maswali matatu tu: Je, oda za mteja zinaingia kwa wakati? Picha ya karatasi ya mizani inasomeka? Mteja akitaka kuiona asali kwa video, simu inapita?

Oda zikiingia na picha zikisomeka, anaweza kuifuta Messenger. Simu ya video ikigoma, ana njia nyepesi: anamwomba mteja ampigie kwa WhatsApp, ambayo tayari anayo. Lakini kama mteja anataka Messenger tu na bei hukubaliwa baada ya kuiona asali, basi abaki na Messenger na kuifuta Facebook kubwa. Kurasa za Facebook atazisoma kwa toleo jepesi.

Kabla hujafuta

Watu wengi walifunguliwa akaunti na mtoto, mpwa au fundi, na hawajui neno la siri. Wakifuta programu ndipo wanagundua kwamba hawawezi kuingia tena. Hakikisha unajua neno la siri, na kwamba namba iliyosajiliwa kwenye akaunti ni ya laini unayoitumia sasa. Kipimo kizuri ni kuingia kwanza kwenye Facebook Lite wakati programu ya zamani bado ipo. Ukiingia vizuri, uko salama kufuta.

Kuna jambo jingine la Messenger. Tangu Desemba 2023 ilianza kuyafunga mazungumzo ya watu wawili kwa kufuli, ili asiyehusika asiweze kuyasoma. Kuyapata tena mazungumzo ya namna hiyo baada ya kufuta programu kunaweza kuhitaji namba ya siri, yaani PIN, uliyoiweka mwenyewe. Kama humo kuna makubaliano ya bei au deni, yaandike daftarini kabla ya kufuta.

Mwisho, tofautisha maneno mawili utakayoyaona kwenye Settings ya simu ukigusa jina la programu. Clear cache huondoa mabaki tu na haina madhara. Facebook Lite ikianza kuvimba, hilo ndilo la kugusa. Clear data, ambayo kwenye simu nyingine huandikwa Clear storage, huirudisha programu kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Kwa Facebook Lite utatakiwa kuingia upya. Kwa WhatsApp mazungumzo yaliyomo ndani ya simu yatafutika, na kama hukuwa umeweka akiba yake, hayatarudi.