Majina ya vikoa yenye emoji

Jina la kikoa lenye emoji ni anwani ya intaneti yenye picha moja au zaidi kati ya zile zinazopatikana kwenye kibodi ya simu, kama vile `kivu☕`. Picha hiyo ni ya macho ya msomaji tu. Kabla kivinjari au programu ya barua pepe haijaanza kuitafuta anwani, jina lote hugeuzwa kuwa maandishi ya kawaida yanayoanza na `xn--`, na hilo la pili ndilo jina linalosajiliwa na kutafutwa mtandaoni.

Makala hii inafuata mfano mmoja. Muuza kahawa wa Bukavu, mji mkuu wa Kivu Kusini, anataka anwani inayotaja Kivu na kuonyesha kikombe. Kiambishi `.example` kilichotumika hapa kimetengwa kwa ajili ya mifano, wala hakisajiliwi na mtu.

Sababu ya kugeuza

DNS, yaani mfumo wa majina ya vikoa, ulizoea tangu mwanzo majina yaliyoandikwa kwa herufi a hadi z, tarakimu 0 hadi 9 na kistari. Kila kipande cha jina kati ya nukta mbili hakizidi alama 63. Lugha nyingi zilipohitaji herufi nyingine, mfumo wa zamani haukubadilishwa. Ilitungwa njia ya kuziandika herufi hizo kwa alama zilezile chache. Njia hiyo huitwa Punycode, na ilichapishwa mwaka 2003 katika hati RFC 3492 ya Adam Costello. Alama `xn--` mbele ya jina huiambia programu kwamba kinachofuata kimegeuzwa.

Jinsi `kivu☕` linavyogeuzwa

Hatua ya kwanza ni kutenga herufi za kawaida. `kivu` huandikwa kama lilivyo, kisha kistari. Kinachobaki ni kueleza mambo mawili: ni picha gani iliyoondolewa, na ilikaa wapi.

Katika orodha ya Unicode kikombe ni U+2615, yaani namba 9749. Kwa kuwa namba 0 hadi 127 ni za herufi za kawaida, hesabu huanzia 128: 9749 − 128 = 9621. Neno `kivu` lina nafasi tano ambamo picha ingeweza kuingizwa: mbele ya k, kati ya herufi na herufi, na mwisho. Hivyo 9621 huzidishwa kwa 5 na kupata 48105. Nafasi zikihesabiwa kuanzia 0, kikombe kipo nafasi ya 4, kwa hiyo jumla ni 48109. Namba hiyo moja imebeba picha pamoja na mahali pake.

Hatua ya mwisho ni kuiandika namba hiyo kwa herufi, ambapo a hadi z ni 0 hadi 25, na tarakimu 0 hadi 9 ni 26 hadi 35. Matokeo ni `tj3b`. Msomaji anaweza kuyahakiki kwa kalamu. Thamani za nafasi nne katika mfano huu ni 1, 35, 1225 na 12250. Herufi t ni 19, j ni 9, tarakimu 3 ni 29, na b ni 1:

```
19×1 + 9×35 + 29×1225 + 1×12250 = 48109
```

Jina kamili ni `xn--kivu-tj3b`. Kikombe kikitangulia, `☕kivu`, jumla ni 48105 na jina huwa `xn--kivu-pj3b`. Herufi moja tu imebadilika, lakini hivyo ni vikoa viwili tofauti vinavyoweza kuwa na wenyewe wawili. Mwenye lugha ya programu ya Python anaweza kupata sehemu iliyo baada ya `xn--` hivi:

```
>>> 'kivu☕'.encode('punycode')
b'kivu-tj3b'
```

Katika kivinjari

Mtu akiandika `kivu☕.example`, kivinjari husafisha maandishi kwanza, kwa mfano kwa kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo, kisha hufanya hesabu iliyoelezwa hapo juu na kuuliza DNS. Tofauti huonekana kwenye sehemu ya anwani: Safari huiacha picha, ilhali Chrome huonyesha `xn--kivu-tj3b.example`. Mteja asiyejua anaweza kudhani ametekwa na tovuti ya matapeli, kumbe amefika alikokusudia.

Kosa la kawaida hutokea katika usafishaji huo. Moyo mwekundu wa kwenye simu mara nyingi ni alama mbili: U+2764, kisha U+FE0F isiyoonekana, inayoagiza picha ichorwe kwa rangi. Vivinjari huiondoa ile ya pili kabla ya kugeuza. Amri ya Python iliyo hapo juu haiiondoi, kwa hiyo hutoa jina tofauti na lile ambalo kivinjari kitalitafuta. Jina likigoma kufunguka, jambo la kwanza la kukagua ni kama umbo la `xn--` lililosajiliwa ni lilelile ambalo kivinjari kinalitafuta.

Katika barua pepe

Anwani ya barua ina pande mbili, na Punycode huhusu upande mmoja tu, ule ulio baada ya `@`. Anwani `kahawa@kivu☕.example` inaweza kutumwa kama `kahawa@xn--kivu-tj3b.example`, na hata seva ya zamani huipokea kwa kuwa haioni alama ngeni. Kikwazo hutokea mapema zaidi: fomu na programu nyingi huikataa anwani yenye picha kabla ya kuituma. Dawa ni kuandika umbo la `xn--` moja kwa moja.

Picha ikiwa kabla ya `@`, hakuna ubadilishaji wa namna hiyo. Barua hupita tu endapo seva zinazopokezana zinakubali nyongeza iitwayo SMTPUTF8, iliyowekwa na hati RFC 6531 ya mwaka 2012. Seva inayoikubali hutaja neno hilo mwanzoni mwa mazungumzo, inapojibu amri `EHLO`. Isipolitaja, barua hurudishwa kwa mtumaji.

Mipaka

Kanuni za IDNA2008, zilizochapishwa mwaka 2010, huruhusu herufi za lugha lakini hukataa emoji. Ndiyo maana `café`, neno la Kifaransa lililozoeleka Bukavu, ni halali kwa umbo la `xn--caf-dma`, ilhali kikombe si halali ingawa hesabu yake ni ileile. Mei 2017 kamati ya usalama ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, ilishauri katika hati SAC095 kwamba emoji zisisajiliwe. Sababu mojawapo ni kufanana kwa picha. Mkono unaopunga, 👋, una umbo la manjano na rangi tano za ngozi. Hayo ni majina sita, na kwenye skrini ndogo rangi mbili zilizokaribiana hazitofautishwi kwa urahisi.

Emoji hukubaliwa na baadhi ya wasimamizi wa viambishi vya nchi, kama `.ws` cha Samoa. Kwa muuza kahawa wa mfano huu, jina lenye kikombe linafaa kwenye bango, ambako macho ndiyo yanayosoma. Kwenye risiti na kwenye fomu za benki, anwani itakayofika ni ile ya herufi tupu, kwa hiyo afadhali zote mbili zichapishwe pamoja.