Kwa Nini Ruvuma Haina Serikali Yake Kama Zanzibar?

Swali hili husikika sana Songea msimu wa uchaguzi ukikaribia: Zanzibar ina Rais wake na Baraza la Wawakilishi linalotunga sheria, mbona Ruvuma ina Mkuu wa Mkoa tu, tena wa kuteuliwa? Jibu liko katika namna madaraka yalivyogawanywa nchini kwa zaidi ya miaka 60.

Penye shirikisho, madaraka huandikwa katika katiba: haya ya serikali kuu, yale ya jimbo. La muhimu zaidi ni kwamba serikali kuu haiwezi kuyafuta mamlaka ya jimbo kwa uamuzi wake peke yake. Tanzania haijiiti shirikisho, lakini kwa Zanzibar Katiba yetu imekwenda karibu na mpango huo. Mwaka 1964 Mambo ya Muungano yalikuwa 11, na sasa Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ina 22, yakiwemo ulinzi, polisi, mambo ya nchi za nje na uraia. Afya, kilimo na shule za msingi hazimo, kwa hiyo Zanzibar hujiamulia. Na ili kubadili baadhi ya mambo ya msingi ya Muungano, lazima zipatikane theluthi mbili za wabunge wa Bara na theluthi mbili za wabunge wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake.

Kwa Bara hakuna kinga ya namna hiyo. Tanganyika haikubaki na serikali yake, hivyo kilimo na afya za Ruvuma husimamiwa na serikali ileile ya Muungano. Mkuu wa Mkoa humwakilisha Rais. Chini yake zipo halmashauri zenye madiwani wa kuchaguliwa, na historia ya Songea inaonyesha jinsi madaraka ya ngazi ya chini yalivyo mepesi kuondolewa.

Kijiji cha Litowa, wilayani Songea, kilianzishwa na vijana wa TANU Youth League mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vijiji vingine vikafuata, vikaungana katika Ruvuma Development Association. Wanakijiji walilima pamoja, wakapanga mapato yao katika mikutano, wakaendesha shule na mashine ya kusaga nafaka. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwasifu. Hata hivyo Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua umoja huo wa vijiji uvunjwe, na mali zake zikachukuliwa. Haukuwa serikali, lakini vijiji vilivyokuwa vikijiamulia mambo yao havikuwa na kifungu cha kukimbilia.

Miaka mitatu baadaye ilikuwa zamu ya halmashauri zenyewe. Sera ya mwaka 1972 iliitwa Madaraka Mikoani, na jina lake lilileta matumaini. Kilichotokea ni kwamba halmashauri za wilaya zilifutwa, na wakurugenzi wa maendeleo walioteuliwa na serikali kuu wakapelekwa mikoani na wilayani na bajeti zao. Watumishi walisogezwa karibu na wananchi. Uamuzi ulibaki kwa waliowateua. Diwani aliyekuwa akiulizwa kuhusu kisima au barabara hakuwepo tena. Sheria za kurudisha halmashauri za wilaya zilitungwa mwaka 1982, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984, miaka 12 tangu zifutwe. Mimi nauona huo ndio ushahidi mkubwa katika suala hili.

Halmashauri sasa zimetajwa katika ibara ya 145 na 146, lakini aina na mamlaka yake zimeachiwa sheria za kawaida. Chukua kodi ya majengo. Ilikuwa chanzo cha fedha cha halmashauri, mpaka sheria ya mwaka 2016 ilipohamishia ukusanyaji wake TRA. Tangu mwaka 2021 mwenye nyumba Songea mjini huilipa anaponunua umeme wa LUKU. Fedha hukatwa kabla ya uniti kuingia. Ili kufanya hivyo Bunge halikuhitaji kura ya madiwani wa Songea.

Kenya nayo imepitia hayo. Katiba ya majimbo ya mwaka 1963 iliweka mabunge ya majimbo na Seneti ya kuyalinda. KADU, chama kilichoyatetea, kilipojiunga na KANU mwaka 1964, kinga ile iliporomoka. Katiba ya mwaka 2010 ikajifunza: kazi za kaunti 47 zimeorodheshwa katika Jedwali la Nne, zinahakikishiwa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na muundo wa ugatuzi hauguswi bila kura ya maoni. Kenya si shirikisho, lakini gavana wake ana ngao ambayo diwani wa Songea hana.

Kwa hiyo anayetaka Ruvuma iwe na sauti zaidi asianze kwa kudai gavana. Adai kwanza kwamba vyanzo vya mapato vya halmashauri viandikwe ndani ya Katiba, na kwamba visiondolewe bila ridhaa ya wanaovitegemea.