Barua ya Oktoba: tarehe ya mwisho ya kuagiza kalenda Dodoma

Kampuni za Dodoma hukumbuka kalenda karibu na Desemba, wakati mvua zinapoanza.

Zamani mchapaji aliyetafuta oda alibeba sampuli akagonga milango ya ofisi. Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, ofisi ziliongezeka, na kugonga milango yote kukawa kazi isiyokwisha. Baruapepe ikachukua nafasi ya miguu. Novemba 2015 Serikali ilikuwa imekataza kadi za Krismasi na Mwaka Mpya kwa fedha za umma, kwa hiyo mchapaji ana sababu ya kuzielekeza barua zake za kuomba oda kwa kampuni binafsi.

Barua nzuri ya kuomba oda ni fupi. Kichwa chake kinasema: “Kalenda 2026, fulana na madaftari: oda hadi 31 Oktoba.” Ndani inaomba idadi, nembo na jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuidhinisha. Neno hili la mwisho ndilo linalookoa kazi, maana mabosi watatu wakisahihisha kwa zamu, Desemba huingia sampuli ikiwa bado mezani.

Chukua kampuni inayotaka kalenda 300 za ukutani, kila moja na jalada na karatasi sita za miezi miwili miwili. Hizo ni karatasi 2,100, kabla ya ziada ya zitakazoharibika. Kwenye mashine ya ofseti kila rangi ina bati lake, na gharama ya mabati ni ileile ukichapa 50 au 300. Ndiyo maana kalenda chache huuzwa ghali kila moja. Fulana nazo, zikichapwa kwa skrini, zinataka skrini moja kwa kila rangi ya nembo, na orodha ya saizi kabla ya kununua fulana zenyewe. Nembo iliyotumwa kwa WhatsApp ikikuzwa kwenye kifua huonyesha kingo zenye vijino. Mchapaji aombe faili la asili. Daftari ndilo jepesi: jalada linabadilika, kurasa za ndani ni zilezile.

Kisha sikukuu zikaguliwe kwa macho mawili. Mwaka 2026 Jumatatu ya Pasaka ni 6 Aprili na Siku ya Karume ni kesho yake. Aliyenakili kalenda ya mwaka uliopita atakosea hapo. Idd iandikwe kwamba inategemea kuandama kwa mwezi.

Ndugu mwenye kampuni, ukiipata barua hiyo, ijibu wiki hiyohiyo.