Mkaa, gesi na unyumbufu wa mahitaji

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, familia inayopikia kuni hununua mkaa mapato yake yanapoongezeka. Yakizidi kuongezeka, hununua gesi na kupunguza mkaa. Mkaa ni uleule. Kilichobadilika ni mwitikio wa mnunuzi.

Mwitikio huo hupimwa kwa unyumbufu wa mahitaji kwa mapato: asilimia ya badiliko la kiasi kinachonunuliwa hugawanywa kwa asilimia ya badiliko la mapato. Tuseme mapato ya mtaa mmoja yamepanda kwa asilimia 10, na ununuzi wa mkaa umeshuka kutoka magunia 200 hadi 190 kwa mwezi, yaani asilimia 5. Jibu ni hasi 0.5, na kwa alama hiyo mkaa huitwa bidhaa duni, jina lisilohusu ubora wake hata kidogo. Katika mtaa wa watumiaji wa kuni jibu lingeweza kuwa chanya, na mkaa uleule ukaitwa bidhaa ya kawaida.

Unyumbufu mtambuka hutazama bei ya bidhaa nyingine. Gesi ikipanda bei kwa asilimia 20 na mkaa ukanunuliwa zaidi kwa asilimia 6, jibu ni chanya 0.3: hizo ni bidhaa mbadala. Mauzo ya majiko ya gesi yakipungua kwa asilimia 8, jibu ni hasi 0.4, jiko na gesi ni bidhaa zinazokamilishana.

Vipimo hivi hupotosha iwapo mapato na bei vimebadilika kwa pamoja. Mapato yakipanda mwezi uleule ambao gesi imepanda bei, mkaa huweza kununuliwa zaidi na kuonekana bidhaa ya kawaida, ilhali kilichowarudisha wanunuzi kwenye mkaa ni bei ya gesi.