Jino limeng'olewa: daktari anapaswa kuandika nini kwenye daftari lako?

Baada ya kipindi chetu cha afya ya kinywa, msikilizaji mmoja alitutumia picha ya ukurasa wa daftari lake la matibabu. Ni lile daftari la shule ambalo wengi wetu hununua dukani kabla ya kwenda zahanati. Ukurasa ulikuwa na maneno matano tu: "Jino limeng'olewa. Kapewa dawa. Arudi." Hapakuwa na tarehe wala jina la aliyeandika. Shavu lilikuwa limevimba tena na alikuwa njiani kwenda hospitali ya wilaya. Swali lake lilikuwa fupi: "Huyu daktari mpya atajuaje nilifanyiwa nini?"

Jibu ni kwamba hatajua, itabidi akisie. Makala hii inaeleza maelezo mazuri ya matibabu ya meno yanakuwaje, na kwa nini yanamlinda mgonjwa na mtabibu kwa pamoja. Tutatumia mfano mmoja tu, wa gego lililong'olewa.

Kwanza, jino lipi?

Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32, kwa hiyo kuandika "jino la chini" hakutoshi. Madaktari wa meno wengi duniani hutumia namba mbili. Namba ya kwanza inataja upande wa kinywa: 1 ni juu kulia, 2 ni juu kushoto, 3 ni chini kushoto na 4 ni chini kulia. Kulia hapa ni kulia kwa mgonjwa mwenyewe, si kwa daktari aliyekaa mbele yake. Namba ya pili ni hesabu ya meno kuanzia katikati ya kinywa kwenda nyuma, kutoka 1 hadi 8.

Kwa hiyo jino 46, linalosomwa "nne sita", ni jino la sita la chini kulia. Ndilo gego la kwanza la utu uzima upande huo, na huota mtoto akiwa na umri wa miaka kama 6. Ukitaka kuhakikisha, weka ulimi katikati ya meno ya chini, hesabu kuelekea kulia, utalifikia.

Mtego mmoja ni huu. Marekani wana hesabu yao, ambayo huyapa meno namba 1 hadi 32 kwa mzunguko. Kwao namba 14 ni gego la juu kushoto, wakati kwa hesabu yetu 14 ni jino dogo la juu kulia. Mtego wa pili ni pengo. Jino lililong'olewa zamani likiacha nafasi, jirani yake anaweza kusogea na kuikalia, na anayehesabu haraka akakosea. Ndiyo maana mwandishi makini huandika namba pamoja na maneno, "46, gego la chini kulia", na hutaja pengo kama lipo.

Mfano wa maelezo yaliyokamilika

Tuchukue mama wa miaka 34 aliyefika kituo cha afya na maumivu ya gego. Maelezo mengi hospitalini huandikwa kwa Kiingereza, lakini hapa tumeyaweka kwa Kiswahili ili kila mmoja aelewe. Mfano huu tumeutunga wenyewe.

> 12 Machi 2024, saa 4:20 asubuhi. Mwanamke, miaka 34. Anasema gego la chini kulia linauma siku 6, zaidi usiku. Hana presha wala kisukari. Si mjamzito. Mwaka 2019 alimeza amoksilini, akatokwa vipele na kuvimba midomo.
>
> 46, gego la chini kulia: limetoboka hadi kwenye kiini, linauma likigongwa, halitikisiki. Hakuna usaha wala uvimbe. 47 ni zima. Picha ya eksrei haipo kituoni.
>
> Ameelezwa njia 2: kutibiwa mzizi hospitali ya mkoa, au kung'oa hapa. Amechagua kung'oa. Ameelezwa hatari: maumivu, damu, uvimbe, mzizi kukatika, mdomo kubaki na ganzi. Amekubali na kusaini.
>
> Ganzi ya lidokeini asilimia 2 yenye adrenalini, kichupa 1 cha mililita 1.8. Mdomo wa chini kulia umekufa ganzi. 46 limeng'olewa kwa koleo. Mzizi wa nyuma umetoka mzima. Ncha ya mzizi wa mbele, kama milimita 3, imekatika na kubaki. Nimejaribu kuitoa mara 2, nimeacha kwa sababu iko chini sana, karibu na mshipa wa fahamu. Mgonjwa ameelezwa na kuonyeshwa jino.
>
> Damu imesimama baada ya kung'ata gozi dakika 20. Parasetamo gramu 1 kila saa 8, siku 3. Hakupewa antibiotiki, hakuna dalili ya maambukizi. Rufaa hospitali ya wilaya kwa eksrei. Arudi siku ya 7, au mapema akivimba, akipata homa au damu isipokoma.
>
> Jina, cheo na sahihi ya mtabibu.

Kuandika haya kunachukua dakika chache. Sasa tuone yanavyofanya kazi.

Wiki 5 baadaye

Mama huyu hakwenda kupiga picha kwa sababu maumivu yaliisha na nauli ilikuwa mbali. Wiki ya 5 shavu likavimba. Katika hospitali ya wilaya akamkuta daktari ambaye hajawahi kumwona.

Kama daftari lina maneno matano tu, daktari huyu anaanzia gizani. Je, uvimbe umetoka pale palipong'olewa au kwenye jino la jirani, 47? Je, jino lilitoka lote? Na kwa kuwa kuna uvimbe, anaweza kuandika amoksilini, dawa inayotumika sana kwa usaha wa meno. Ni ile ile iliyomvimbisha mama huyu midomo. Safari hii inaweza kumfunga koo.

Akiwa na maelezo yaliyokamilika, anajua mahali pa kuelekeza eksrei: ncha ya mzizi wa mbele wa 46. Anajua 47 lilikuwa zima wiki 5 zilizopita, kwa hiyo akiligusa na kukuta tatizo, ni jipya. Anaona onyo la amoksilini na anachagua dawa nyingine. Na kabla ya kuitoa ile ncha anaandika kama mdomo wa mama una ganzi au la. Mdomo ukifa ganzi baadaye, itajulikana ulianza lini.

Malalamiko yakifika mezani

Mama huyu anaweza kusema, "Yule wa kwanza aliniachia mzizi kwa uzembe." Ana haki ya kuuliza. Nchini Tanzania, malalamiko ya kitaaluma dhidi ya daktari wa meno yanaweza kufika Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo linafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017 inayohusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Madai ya fidia huenda mahakamani.

Kote huko watu watauliza nini kilifanyika siku ile. Ncha ya mzizi kukatika, peke yake, si uzembe. Mizizi ya magego hupinda na hukatika hata mikononi mwa wazoefu, na kuiacha ncha ndogo isiyo na usaha kunaweza kuwa uamuzi wa busara kuliko kuchimba karibu na mshipa wa fahamu. Kosa ni kuiacha kimya kimya. Sentensi "Mgonjwa ameelezwa na kuonyeshwa jino" inamlinda mtabibu kwa sababu inaonyesha hakuficha, na inamlinda mama kwa sababu anajua kuwa ncha imebaki.

Maandishi yana mpaka wake pia. Hayageuzi matibabu mabaya kuwa mazuri. Mtabibu aliyeng'oa jino lisilo lenyewe hataokolewa na mwandiko mzuri. Na sahihi ya mgonjwa bila maelezo ya alichoambiwa ina uzito mdogo, kwa sababu mtu anaweza kusaini asichokielewa.

Akikosea kuandika je?

Tuseme mtabibu aliandika 47 badala ya 46 na akagundua jioni. Njia sahihi ni kukata neno hilo kwa mstari mmoja ili bado lisomeke, kuandika sahihi pembeni, kisha kuweka tarehe, saa na sahihi yake. Akikumbuka jambo siku ya pili, aliandike chini ya tarehe ya siku hiyo ya pili na aseme wazi kwamba ni nyongeza.

Asifute kwa wino mweupe, asichane ukurasa, asibanize sentensi katikati ya mistari ya zamani. Wino tofauti na herufi zilizobanana huonekana kwa macho, na zikishaonekana kila kitu kingine alichoandika kinatiliwa shaka, hata kilicho kweli. Maneno ya kumsema mgonjwa nayo hayafai. "Mgonjwa msumbufu" haimsaidii anayefuata. "Amekataa eksrei, anasema hana nauli, ameelezwa hatari" inamsaidia.

Wewe msikilizaji ufanye nini?

Kabla ya kutoka chumbani, soma ukurasa wako au omba usomewe. Tafuta mambo manne: tarehe, jino lipi, nini kimefanyika na nini kimebaki, na jina la aliyekuhudumia. Likikosekana mojawapo, sema kwa heshima: "Daktari, naomba uniandikie ni jino lipi, ili nikienda kwingine nisipotee." Mtaje pia dawa iliyowahi kukudhuru hata kama hukuulizwa, na uangalie kama imeandikwa.

Kisha upige picha ukurasa huo kwa simu yako, maana daftari huloa mvua na huliwa na panya. Picha hiyo ibaki kwako na usiiweke kwenye kundi la Wasapu. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sheria hiyo hiyo inakupa haki ya kuomba kuona taarifa zako zinazotunzwa na kituo.

Msikilizaji wetu wa mwanzo tulimshauri apige hesabu ya meno kwa ulimi, aandike kwenye karatasi tarehe anayoikumbuka, kituo alichong'olewa na dawa alizomeza, kisha amkabidhi daktari mpya. Karatasi hiyo haichukui nafasi ya maelezo ya mtabibu, lakini inampa daktari mahali pa kuanzia.