Onyesho la tatuu kwenye picha ya mkono

Onyesho la tatuu ni picha inayotengenezwa kwa kompyuta ili mteja aone jinsi mchoro utakavyokaa kwenye mkono wake kabla sindano haijagusa ngozi. Mchoraji hupiga picha ya mkono, kisha hupachika mchoro juu yake kwa programu kama Adobe Photoshop au GIMP. Kuupachika ni kazi ya dakika moja. Ugumu uko katika kuufanya ufuate mviringo wa mkono na mwanga uliopo, kwa kuwa onyesho lililokosewa humfanya mteja akubali kitu ambacho hatakipata.

== Kupiga picha ==

Kipande cha utepe chenye urefu wa sentimita 5 hubandikwa karibu na mahali pa mchoro ili kupata kipimo. Kamera husogezwa nyuma mita moja na nusu hivi na picha huvutwa kwa lenzi, maana kamera iliyo karibu mno huvimbisha sehemu ya katikati. Mwanga wa dirishani hufaa kuliko wa flashi. Mzingo wa mkono hupimwa kwa futi ya fundi cherehani pale mchoro utakapokuwa mpana zaidi, kwa sababu kigasha ni kinene karibu na kiwiko na chembamba karibu na kiganja.

== Mviringo ==

Mkono unaweza kuchukuliwa kuwa silinda. Nukta iliyo umbali s kutoka katikati ya mchoro, ikipimwa juu ya ngozi, huonekana pichani kwa umbali x:

```
x = r * sin(s / r)
```

Hapa r ni nusu kipenyo cha mkono, na pembe iko katika radiani.

Tuchukue kigasha chenye mzingo wa sentimita 26, yaani nusu kipenyo cha sentimita 4.14, na mchoro wenye upana wa sentimita 8. Utepe umechukua pikseli 300, hivyo kila sentimita ni pikseli 60, na mchoro ukiwa bapa una pikseli 480. Tukiugawa katika mikanda minne ya wima, kila mmoja una pikseli 120. Kwa kanuni hiyo, mikanda miwili ya katikati hubaki na pikseli 115 kila mmoja, lakini ile ya pembeni hupungua hadi 89. Upana wote unaoonekana ni pikseli 408, karibu sentimita 6.8. Katika Photoshop mikanda hiyo hubanwa kwa Edit > Transform > Warp.

Mkono wenyewe pichani una upana wa pikseli 497 hivi. Mchoro ukibandikwa bapa kwa pikseli 480 utaonekana umeujaza mkono mzima. Mteja ataomba upunguzwe, na baada ya kuchorwa atashangaa kuuona mdogo.

== Mwanga na rangi ya ngozi ==

Tabaka la mchoro huwekwa katika hali ya Multiply, ambayo huzidisha thamani ya rangi ya ngozi kwa ile ya mchoro na kugawanya kwa 255. Weupe wa karatasi hutoweka, na vivuli vya mkono huendelea kuonekana ndani ya wino.

Hali hii inakaribia ukweli wa mwili. Wino hukaa katika demisi, chini ya epidemisi yenye melanini, kwa hiyo tunautazama kupitia rangi ya ngozi. Chukua njano ya (255, 220, 0) juu ya ngozi nyeusi ya (90, 60, 45): jibu ni (90, 52, 0), ambayo ni kahawia. Mchoraji anayetumia hali ya Normal humwonyesha mteja huyo njano inayong'aa kama ya karatasini, na hilo kwa kweli ni kumdanganya, hata kama hakukusudia.

Multiply ina kasoro moja kubwa. Mng'ao wa jasho au mafuta uko juu ya ngozi, hivyo ulipaswa kuonekana juu ya wino pia. Lakini wino mweusi ukizidishwa huufuta, na mchoro huonekana kama stika. Dawa yake ni kufuta ngozi kwa kitambaa kikavu kabla ya kupiga picha, au kutumia kitelezi cha Blend If ili sehemu zenye mwanga mkali zipenye. Weusi wenyewe hupunguzwa kidogo, kwa uwazi wa asilimia 85 hadi 90.

== Mipaka ==

Picha moja haionyeshi msokoto. Kiganja kikigeuzwa kutoka juu kwenda chini, ngozi ya kigasha hujizungusha, na mstari ulionyooka hupinda. Ndiyo maana wachoraji waangalifu hutengeneza onyesho kwa picha mbili, kiganja kikiwa juu na kikiwa chini. Hata hivyo uamuzi wa mwisho hufanywa kwa stensili inayobandikwa kwenye ngozi yenyewe huku mkono ukiwa umelegea. Stensili hufutika, ikikaa vibaya husafishwa na kubandikwa upya.