Onyo la Hatari: Mbona Simu ya Jirani Ilie na Yako Inyamaze?

Rada iko hivi, msee. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kikikaribia Mafia kule Tanzania, Idara ya Hali ya Hewa iliambia Pwani yetu ijitayarishe kwa upepo mkali na mawimbi makubwa. Sasa tuseme onyo ka hilo lifikishwe kwa kila simu Likoni, chap chap. Meseji za kawaida zitasota, juu kila moja inatumwa kwa namba yake, na watu wote wakipigiana kwa mpigo netiweki inajaa.

Njia nyingine inaitwa tangazo la seli. Seli ni eneo linalofunikwa na antena ya mnara. Mwenye kutoa onyo anachora eneo kwa ramani, mitambo inatafuta seli zinazofunika hapo, halafu mnara unatangaza mara moja kwa simu zote, ka makanga wa mathree akiita abiria stejini. Hajui namba yako, na hakudai kredo wala bando. Halafu anarudia tena na tena, so ukiwasha simu kama bado anarudia, utalipata. Simu inakumbuka namba ya tangazo, ndio maana hailii kila likirudiwa.

Mbona basi wengine walikose? Cheki simu nne hapo Likoni.

Ya kwanza imezimwa ama iko Airplane mode. Hata ka ina waifai, haisikii mnara, so hakuna kitu.

Ya pili ni mulika mwizi ya 2G, na mwenyewe anapiga stori ndefu. Kwa 2G simu husikiza matangazo ikiwa imetulia tu. Akikata, atalipata likirudiwa. Na ka onyo limewekwa kwa 4G pekee, hiyo simu haiwezi kulisikia kabisa.

Ya tatu ni smati lakini mwenyewe alizima maonyo kwa setingi, ama ni modeli ambayo haijawekewa huduma hiyo.

Ya nne ndio inachanganya watu. Iko karibu na feri, na maji hayazuii mawimbi ya simu ka majumba. Inaweza kuwa imeshika mnara wa Kisiwani, ng'ambo ya Kilindini. Onyo likienda kwa seli za Likoni pekee, inanyamaza na wewe umesimama Likoni. Kwa hiyo anayechora ramani inafaa aongeze seli za ng'ambo, hata ka wasee kadhaa wa Kisiwani watashtuliwa bure.

Yako je? Kwa Android, ingia Settings, tafuta Wireless emergency alerts, uone ka imewashwa. Ukikosa hilo jina, usitegemee hiyo simu peke yake. Usiku wa mawimbi, acha na redio ikiwa on.